Bei ya Neno Moja: Hesabu ya Mfasiri Anayefanyia Kazi Nyumbani

Wapo miongoni mwetu walimu walioacha kufundisha, wahitimu ambao hawajapata ajira, na akina mama wanaotafuta kazi isiyowatoa nyumbani, ambao wameigeukia kazi ya kufasiri kati ya Kiingereza na Kiswahili. Kazi yenyewe ipo. Watafiti wa afya wanahitaji fomu na madodoso kwa Kiswahili, mashirika yanahitaji miongozo ya mafunzo, makampuni yanahitaji mikataba na maelekezo ya kutumia bidhaa. Hata hivyo tunawaona wengi wao wakikesha mbele ya kompyuta, wateja hawakosekani, na mwisho wa mwezi ada ya mtoto haijapatikana. Watu wa nyumbani nao hushangaa: mbona kazi haziishi na fedha hazionekani?

Mara nyingi chanzo si uvivu, wala si uhaba wa wateja. Chanzo ni kwamba bei ilipatikana kwa kuuliza fulani anatoza kiasi gani, kisha ikapunguzwa kidogo ili mteja asiende kwa fulani. Bei ya namna hiyo haina msingi, kwa kuwa hatujui kama huyo fulani mwenyewe inamtosha. Mfasiri huipata bei yake kwa kugawanya. Juu huweka mahitaji yake ya mwaka mzima. Chini huweka idadi ya maneno atakayoweza kuyafasiri, na akalipwa, katika mwaka huo. Namba ya juu wengi huijua kwa sababu ndiyo inayowanyima usingizi. Namba ya chini ndiyo wanayoikosea, na wakiikosea hiyo, bei, muda wa kukabidhi kazi na utafutaji wa wateja vyote hupinda pamoja nayo.

Tutachukua mfano mmoja na kwenda nao hadi mwisho. Tuchukulie dada mmoja wa Dar es Salaam, aliyewahi kufundisha Kiingereza sekondari, mama wa watoto wawili, anayefasiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili akiwa nyumbani. Namba tutakazompa ni za mfano, na kila msomaji ataziondoa na kuweka zake. Njia ya kuhesabu ndiyo tunayotaka ibaki.

Maneno anayoyaweza kwa mwaka

Dada yetu anaanza kwa kusema kwamba anaweza kufasiri maneno 2,000 kwa siku. Ana haki ya kusema hivyo, kwa sababu aliwahi kuyafasiri siku moja, tena si mara moja. Anazidisha kwa siku 26 za mwezi, kisha kwa miezi 12, na kupata maneno 624,000 kwa mwaka. Kwa namba kubwa kiasi hicho, hata shilingi 30 kwa neno humwonekea kuwa riziki nono. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa amechukua siku yake bora kuliko zote na kuifanya kuwa siku ya kawaida.

Njia ya salama ni kujipima kwa saa. Achukue kazi tatu zilizo tofauti, aandike saa aliyoketi na saa aliyoinuka, tena aandike kila hatua peke yake. Kuandika rasimu ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kulinganisha rasimu na matini ya asili sentensi kwa sentensi, kwa sababu hapo ndipo hubainika tarakimu iliyorukwa au neno la kukanusha lililosahauliwa. Hatua ya tatu ni kusoma Kiswahili peke yake bila kutazama asili, ili kusikia kama sentensi inasimama yenyewe au bado inanukia Kiingereza. Tuseme dada yetu amegundua kwamba maneno 1,000 humchukua saa 3 za rasimu na saa 1 ya hatua mbili zilizobaki. Basi kasi yake ya kweli ni maneno 250 kwa saa. Asiihesabu rasimu peke yake na kujiona ana kasi ya maneno 330, kwa maana rasimu si kitu anachoweza kumkabidhi mteja.

Sasa siku yake ina saa ngapi? Watoto wakishakwenda shule anaketi kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa sita na nusu mchana, na anarudi baada ya chakula na sala kuanzia saa nane hadi saa kumi. Hizo ni saa 6. Saa 1 kati ya hizo huenda kwenye kujibu barua pepe, kuandaa makadirio ya bei, kutuma ankara na kutafuta wateja wapya, kazi ambazo hakuna mteja anayezilipia. Zinabaki saa 5, yaani maneno 1,250 kwa siku.

Kisha mwaka. Majuma 52 ya siku 5 za kazi ni siku 260. Aondoe siku 15 za sikukuu, 10 za mapumziko, na 10 za homa yake mwenyewe au ya watoto, maana hata zisipopangwa huja. Mwezi wa Ramadhani una takriban siku 22 za kazi, na katika nyumba nyingi saa za kuketi hupungua kwa nusu. Aondoe siku 11 kwa ajili hiyo. Zinabaki siku 214. Zikizidishwa kwa maneno 1,250 tunapata maneno 267,500. Hicho ndicho kilele cha uwezo wake.

Hata kilele hicho hatakifikia katika mwaka wa kwanza, kwa sababu kazi haziji zimepangwa kama matofali. Juma moja huja tatu kwa pamoja, naye analazimika kukataa moja. Juma linalofuata haiji hata moja. Kwa hiyo tumshauri aweke matumaini yake kwenye sehemu 6 kati ya 10 za uwezo, yaani maneno kama 160,000. Tuitazame tena namba ya mwanzo. Alidhani atauza maneno 624,000. Yatakayouzwa ni karibu robo yake. Anayepanga bei yake kwa namba ya kwanza atapokea robo ya kile alichotarajia, na hatajua ni nani aliyemchukulia.

Kutoka mahitaji hadi bei

Dada yetu anahitaji kuchangia shilingi 800,000 kila mwezi nyumbani, yaani 9,600,000 kwa mwaka. Baada ya hapo zinakuja gharama za kazi. Intaneti humgharimu 720,000 kwa mwaka, sehemu ya umeme 240,000, na simu 180,000. Kompyuta aliyoinunua kwa 1,500,000 itadumu miaka 3, basi kila mwaka hula 500,000, hata kama mwaka huo hakutoa senti dukani. Matengenezo na kifaa cha kuhifadhia nakala za kazi ni 200,000. Ada za benki, uchapishaji na nauli ni 240,000. Ametenga pia 600,000 za kumlipa mfasiri mwenzake amsomee kazi nyeti, kwa kuwa jicho la pili huona kile ambacho jicho la kwanza limezoea. Jumla ya gharama hizi ni 2,680,000.

Anaongeza 1,720,000 kwa ajili ya kodi na ada za leseni, baada ya kukaa na mhasibu, na 1,000,000 ya akiba ya dharura. Vyote pamoja vinafika shilingi 15,000,000 kwa mwaka. Tukigawanya kwa maneno 160,000 tunapata shilingi 93 na senti 75. Tuseme 95. Hii ndiyo sakafu yake: chini ya shilingi 95 kwa neno, kila kazi anayoifanya inakula kompyuta yake, akiba yake au usingizi wake.

Sakafu si bei ya kumtajia mteja. Anayetaja sakafu hana pa kurudi anapoombwa punguzo. Dada yetu atataja 120, na atashuka kwa sababu inayoeleweka, kama vile mteja anayelipa siku ya kukabidhiwa kazi. Chini ya 95 hashuki.

Namba hiyohiyo humpa bei ya saa. Maneno 250 kwa shilingi 95 ni 23,750. Tuseme 24,000 kwa saa moja. Bei ya saa inahitajika pale ambapo maneno hayaisemi kazi. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kuwa na maneno 150 tu, ambayo kwa shilingi 120 ni 18,000. Lakini kuna kuipokea picha yake, kuchora upya majedwali, kuhakiki majina herufi kwa herufi, kuchapisha na kumkabidhi mwenyewe. Ikiwa yote huchukua saa moja na nusu, kazi hiyo haiwezi kuwa chini ya 36,000. Iwapo ofisi itakayopokea cheti inataka tafsiri iliyothibitishwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, ada ya uthibitisho na safari za kufuatilia ziandikwe peke yake katika makadirio, zisimezwe ndani ya bei ya neno. Naye amwambie mteja aulize kwanza kama uthibitisho huo unahitajika.

Neno lipi linahesabiwa?

Bado kuna jambo moja linaloweza kuiharibu bei nzuri, nalo ni kutosema ni maneno ya lugha gani yanayohesabiwa. Lugha yetu hubeba mengi ndani ya neno moja. Tukisema "hatutawaambia", kwetu ni neno moja. Mwingereza hulieleza kwa maneno matano. Kwa hiyo kazi ileile ina hesabu mbili. Anayefasiri kwenda Kiswahili na akakubali kulipwa kwa maneno ya Kiswahili yaliyotoka amejipunguzia ujira bila mtu kumwomba punguzo. Anayefasiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza hukutana na shida ya kinyume: matini ya asili ina maneno machache, lakini kila neno lina kazi nyingi.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, aandike katika kila makadirio kwamba hesabu ni ya maneno ya matini ya asili. Hii humfaa pia mteja, kwa kuwa anaijua gharama yake kabla kazi haijaanza, naye mfasiri hawezi kushukiwa kwamba amerefusha sentensi ili aongezewe fedha. Pili, awe na bei mbili kwa pande mbili. Achukue kazi zake kumi zilizokwisha na kulinganisha hesabu. Akikuta kwamba maneno 10 ya Kiingereza humpa maneno 8 ya Kiswahili, basi sakafu ya kufasiri kutoka Kiswahili ni 95 zikizidishwa kwa 10 na kugawanywa kwa 8, yaani karibu shilingi 119. Hiyo ni kwa kazi ileile tu. Akiona kwamba upande huo unamchukua saa nyingi zaidi, hapo aongeze tena.

Kuhusu bei ya ukurasa, ambayo wengi wameizoea, tunashauri iachwe. Ukurasa mmoja wa herufi kubwa unaweza kuwa na maneno 250, na mwingine wenye herufi ndogo na pambizo finyu ukawa na 600. Kwa 15,000 kwa ukurasa, wa kwanza unalipa shilingi 60 kwa neno na wa pili shilingi 25. Mteja mwerevu hana haja ya kuomba punguzo. Anapunguza tu ukubwa wa herufi.

Punguzo la kazi kubwa

Tumwangalie dada yetu katika siku ya majaribu. Shirika moja linamletea mwongozo wa maneno 30,000, na mhusika anamwambia kwa upole, "Dada yangu, kazi ni kubwa, tufanyie 80." Moyo unakubali haraka, maana 2,400,000 kwa mkupuo si fedha ndogo.

Afungue daftari kabla ya kufungua kinywa. Maneno 30,000 kwa maneno 1,250 kwa siku ni siku 24 za kazi, yaani mwezi mzima na ziada. Kwa sakafu yake kazi hiyo ni 2,850,000, hivyo akikubali 80 atakuwa ametoa 450,000 zake mwenyewe. Zaidi ya hilo, katika siku hizo 24 atawakataa wateja wake wa kila siku, na mteja aliyekataliwa mara mbili hutafuta mfasiri mwingine. Muuza vitambaa akiuza robota zima anaweza kupunguza bei kwa sababu naye alinunua kwa jumla. Mfasiri hanunui saa zake kwa jumla. Neno la 30,000 humchukua muda uleule uliochukuliwa na neno la kwanza, pengine zaidi, kwa kuwa amechoka.

Lipo punguzo moja la haki, nalo ni la sentensi zinazojirudia. Madodoso huwa na maelekezo yaleyale kila ukurasa, na programu za kumbukumbu ya tafsiri huzitambua sentensi hizo na kuzileta zikiwa zimekwisha fasiriwa. Ikiwa kati ya maneno 30,000 yapo 6,000 yanayojirudia, dada yetu anaweza kutoza theluthi ya bei kwa hayo, kwa kuwa kazi yake hapo ni kuhakiki tu. Maneno 24,000 kwa 110 ni 2,640,000, na 6,000 kwa 35 ni 210,000; jumla 2,850,000. Mteja amepata punguzo lenye sababu, bei imekaa juu ya sakafu kwa maneno mapya, na siku za kazi nazo zimepungua kweli.

Uwezo huo wa siku ndio unaoamua tarehe pia. Kazi ya maneno 10,000 ni siku 8 za kazi, na mfasiri mwenye busara ataahidi siku 10. Mteja akitaka siku 6, kuna Jumamosi na usiku vitakavyoingia humo. Aongezewe robo ya bei au aambiwe hapana. Asiahidi siku 6 kwa bei ya siku 10, kwani kitakachokatwa ni ile saa ya kulinganisha na kusoma, na kosa litakaloponyoka ndilo mteja atakalolikumbuka.

Wateja wanatoka wapi

Tumeshajua kwamba anahitaji kuuza maneno 160,000. Namba hiyo sasa itatuambia abishe hodi mara ngapi. Tuseme daftari lake linaonyesha kwamba kazi moja kwa wastani ina maneno 4,000. Basi anahitaji kazi 40 kwa mwaka. Akiwa na wateja 3 wa kudumu, kila mmoja akimpa kazi 8, hizo ni kazi 24. Zinabaki 16 za kutafutwa kwa wageni. Kama katika kila makadirio 4 anayowatumia wageni moja hukubaliwa, anahitaji makadirio 64. Na kama katika kila barua 5 za kujitambulisha moja huzaa ombi la makadirio, anahitaji barua 320, yaani 7 kwa juma katika majuma 46. Barua 7 kwa juma zinaingia ndani ya ile saa moja ya kila siku. Barua 50 za mkupuo mmoja, zinazoandikwa kazi zikisha na kusahauliwa zikija, hazifanyi kazi hiyo, kwa sababu mteja huhitaji mfasiri siku yake, si siku ya mfasiri.

Barua ziende wapi? Tuchukue mlango mmoja ambao wengi hawauoni. Utafiti wa afya unaohusisha watu huhitaji idhini ya kamati ya maadili, na mshiriki hupewa fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo kila utafiti unaoandaliwa kwa Kiingereza na kufanyika mitaani kwetu una fomu na dodoso la kufasiriwa kabla haujaanza. Mara nyingi huongezwa kazi ya pili: mfasiri mwingine, ambaye hakuona asili, hukirudisha Kiswahili kwenye Kiingereza, kisha matini mbili za Kiingereza hulinganishwa ili kuona maana ilipopotea. Mfasiri anayeieleza kazi hii katika barua yake, na kuambatisha ukurasa mmoja wa mfano alioufasiri mwenyewe usio na siri ya mteja yeyote, huonekana mara moja kuwa anaijua shughuli. Barua isemayo "nafasiri nyaraka za aina zote" humwachia msomaji kazi ya kujiuliza kama inamhusu.

Kila anayeandikiwa aingie katika daftari lenye safu tano: jina la taasisi, mtu wa kuzungumza naye, tarehe ya mazungumzo ya mwisho, hatua inayofuata na tarehe yake, na maneno yanayotarajiwa. Safu ya nne ndiyo moyo wa daftari. Mteja asiye na hatua inayofuata amekwisha sahauliwa. Safu ya tano isomwe kwa kiasi. Makadirio ya maneno 10,000 yaliyotumwa kwa mgeni, ambaye hukubali mara 1 kati ya 4, yahesabiwe kuwa maneno 2,500 mpaka atakapokubali. Uwezo wa mwezi ni kama maneno 22,000. Kazi zilizothibitishwa zikifika 18,000, asiahidi tena tarehe za karibu. Zikiwa chini ya 8,000 na mwezi ujao hauna kitu, barua za juma ziongezwe mara moja.

Aangalie pia mteja mmoja asimeze zaidi ya theluthi moja ya maneno ya mwaka. Mteja wa namna hiyo hupendeza sana, hadi mradi wake unapofikia mwisho. Siku hiyo mfasiri hugundua kwamba alikuwa mwajiriwa asiye na mkataba wala kiinua mgongo.

Fedha iliyofanyiwa kazi na fedha iliyoingia

Hesabu yote hii huweza kuwa sahihi na nyumba ikakosa mchele, kwa sababu fedha huchelewa. Mawakala wa tafsiri walio nje ya nchi mara nyingi hulipa siku 30, 45 au hata 60 baada ya ankara. Kazi iliyokabidhiwa mwanzoni mwa Rajabu inaweza kulipwa baada ya mwezi kuandama wa Ramadhani. Kwa hiyo dada yetu asiianze kazi hii kwa kuacha mshahara leo na kutegemea ankara kesho. Awe na matumizi ya miezi 2 mkononi, ambayo kwake ni kama 2,050,000 pamoja na gharama za kazi, na ile akiba ya 1,000,000 ya kila mwaka iwe ya kujazia hapo. Mgeni alipe nusu kabla ya kazi kuanza. Mgeni asiyetaka kutoa nusu ya fedha ndogo leo hatoi ushahidi mzuri kuhusu nusu ya mwisho.

Akumbuke pia kwamba kampuni au shirika linalomlipa hapa Tanzania hukata kodi ya zuio, ambayo kwa huduma za mkazi ni asilimia 5. Ankara ya 1,200,000 itaingia benki ikiwa 1,140,000. Zile 60,000 hazijapotea, kwani huhesabiwa katika kodi yake ya mwaka. Lakini apate cheti cha kodi iliyozuiliwa kwa kila malipo na akihifadhi. Asiye na cheti atalipa kodi hiyo mara ya pili. Ili kupokea kazi za namna hii atahitaji namba ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato, na akitaka kutumia jina la biashara alisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni.

Mpango huu usiandikwe mara moja na kufungiwa kabatini. Kila mwisho wa mwezi dada yetu aandike namba tatu: maneno aliyokabidhi, saa alizoketi, na makadirio aliyotuma pamoja na yaliyokubaliwa. Kasi ikishuka hadi maneno 180 kwa saa katika mikataba ya sheria, bei ya mikataba ipande mpaka saa yake irudi 24,000. Wageni wakikubali karibu kila makadirio bila kuuliza lolote, bei ni ndogo, na mteja anayefuata atajiwe 130. Wakikataa 9 kati ya 10, aangalie kwanza anawaandikia akina nani kabla ya kugusa bei. Baada ya miezi 6 arudie mgawanyo wote kwa namba zake za kweli, kwa kuwa sehemu 6 kati ya 10 tulizomkadiria zinaweza kuwa 5 au 7, na sakafu itahama nazo. Zikiwa 7, sakafu inashuka hadi shilingi 80. Zikiwa 5, inapanda hadi 112.

Kwa anayetaka kuanza, cha kufanya juma hili ni kupima kazi tatu kwa saa, na kuzungumza na watu wa nyumbani kuhusu saa zipi ni za kazi. Saa 6 tulizozihesabu hazipo iwapo kila anayepita mlangoni anadhani aliye nyumbani hana shughuli. Wiki ijayo, tukijaaliwa, tutaangalia mambo ya kuandika katika makubaliano na mteja kabla ya kupokea kazi.